Taa ya betri iliwaka, gari likaendelea: nimwandikie nini dereva wangu?

*Habari fundi. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru. Nina Probox ya petroli inayopeleka mikate na bidhaa za duka kutoka Kisumu hadi Kakamega. Dereva ni mzee kunishinda na anaendesha vizuri. Mwezi uliopita injini ilichemka karibu na Kiboswa mpaka ikazima. Anasema aliona taa ya betri ikiwaka pale Mamboleo, lakini gari lilikuwa linavuta vizuri, akaona afikishe mzigo kwanza. Nataka nimwandikie ujumbe mmoja kwenye simu: taa yoyote ikiwaka afanye nini, na aniambie nini. Niandike vipi asione namfundisha kazi?*

Mwalimu, mzee wako hakuidharau taa. Aliisoma kama madereva wengi wanavyoisoma: mchoro ni wa betri, basi shida ni ya betri, na gari la petroli lenye betri nzima linaweza kwenda mwendo mzuri mchana hata kama halichajiwi. Mara nyingi hesabu hiyo huwa sawa. Siku ile haikuwa sawa, na sababu yake ndiyo itakayokupa maneno ya kuandika.

Probox nyingi za petroli zilizo kwenye barabara zetu zina injini ya 1NZ, ya cc 1500. Kwenye injini hiyo mkanda mmoja wa nje, ule mafundi tunaouita fenibelti, unazungusha altaneta na pampu ya maji kwa pamoja. Taa ya betri yenyewe haipimi betri. Inawaka altaneta ikiacha kutoa umeme. Altaneta inaweza kuacha kwa sababu brashi zake zimeisha au waya umechomoka, na hapo injini haina tatizo lingine. Au inaacha kwa sababu mkanda umekatika, na hapo pampu ya maji nayo imesimama. Taa inayowaka ni ileile. Dashibodi haiwezi kumwambia dereva ni lipi kati ya hayo mawili. Akitaka kujua lazima afungue boneti.

Kwa ulivyoeleza, ninashuku mkanda. Muulize fundi aliyelishughulikia gari kama alikuta mkanda mahali pake. Kama haukuwepo, basi fuata mwendo wenyewe: gari lina mzigo, linaanza kupanda mlima wa Riat, mkanda unakatika. Maji yaliyo ndani ya injini yanaacha kuzunguka wakati huohuo. Feni ya rejeta inaendelea kuzunguka kwa sababu ni ya umeme, lakini inapuliza rejeta ambayo maji ya moto hayaifikii. Usukani wa umeme haukazi, kwa hiyo dereva hapati dalili yoyote mkononi. Injini inavuta kama kawaida. Mlimani, na mzigo nyuma, dakika chache zinatosha kuchemsha. Tena maji yakishamwagika, kile kihisio cha joto kinaweza kubaki kwenye hewa na mvuke badala ya maji, kikasoma joto la chini kuliko lililopo. Dereva anayesubiri taa ya joto ndipo asimame anaweza kusubiri taa ambayo itachelewa sana, au isiwake kabisa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye ujumbe wako ni hiki: taa nyekundu hairuhusu dereva kukisia. Usimwandikie maana ya kila taa. Nimewahi kuona wenye magari wakiwatumia madereva picha yenye alama arobaini na zaidi zilizopangwa safu safu. Hakuna mtu anayeikumbuka akiwa Chavakali na lori nyuma yake linapiga honi. Rangi inatosha. Nyekundu ni kusimama, manjano ni kuendelea kwa adabu na kuripoti, kijani na buluu ni habari tu. Buluu yenye kipimajoto inayowaka asubuhi inasema injini bado ni baridi. Ikizimika yenyewe baada ya muda mfupi, gari liko sawa.

Kuna nyekundu tatu ambazo utazitoa kwenye amri ya kusimama, la sivyo mzee atakuona hujui gari: ya mlango, ya mkanda wa kiti, na ya hendibreki ikiwa kweli imevutwa. Ya hendibreki ina mtego wake. Taa hiyohiyo huwaka mafuta ya breki yakipungua kwenye kikopo chake. Basi akiona nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara, anashusha hendibreki mpaka chini. Isipozimika, anakanyaga breki polepole kuipima. Ikiwa inazama kuliko kawaida, hapo hakuna safari, hata ya kufika kwa fundi, maana barabara hiyo ina miteremko. Ikiwa iko juu na ngumu, bado anasimama na kuangalia kikopo. Mafuta yakiwa chini ya alama, ama vitambaa vya breki vimeisha ama kuna mahali panavuja, na akichungulia upande wa ndani wa kila gurudumu ataona kama kuna majimaji.

Sasa taa ya oili, ile ya birika linalodondosha tone. Hapa ndipo injini nyingi hufia, kwa sababu watu hudhani inasema oili imepungua. Inasema presha ya oili imeanguka. Kiasi kinaweza kupungua kwa wiki kadhaa bila taa kuwaka. Inapowaka gari likiwa mwendoni, huenda vyuma vimeshaanza kusuguana. Hii hata haisubiri mahali pazuri pa kuegesha, ila pasipo hatari: pembeni na kuzima. Akishazima, kwenye usawa, asubiri dakika tano hivi oili ishuke, avute kijiti, akipanguse, akirudishe mpaka mwisho, akivute tena. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye injini ndogo kama yako, kuna kama lita moja.

Kijiti kikiwa kikavu au oili iko chini ya alama, anaongeza hadi ifike kati ya alama hizo mbili, anawasha, na anaitazama taa. Ikizimika ndani ya sekunde chache, anaweza kwenda pole mpaka kwa fundi. Isipozimika, anazima palepale. Kijiti kikionyesha oili imejaa na taa iliwaka, asiwashe hata kujaribu. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa kihisio cha presha ambacho ni kitu cha bei ndogo, lakini hilo atalijua fundi mwenye geji ya presha, si dereva aliye kando ya barabara. Gari hilo linavutwa.

Na hapa ndipo utaona kwa nini namna ya kuripoti ina maana kwa fundi. Mzee akiniambia "taa ya oili iliwaka", sijui lolote. Akiniambia iliwaka kwenye kona na mteremko ikazimika barabara iliponyooka, najua oili ni kidogo na inakimbilia upande mmoja. Akiniambia inawakawaka injini ikiwa ya moto na gari limesimama, na akikanyaga mafuta inazimika, nafikiria oili iliyochakaa au injini iliyolegea ndani. Ni taa moja na kazi mbili tofauti, zenye gharama tofauti kabisa. Kwa hiyo unachotaka kutoka kwake ni mambo haya: taa ilikuwa rangi gani na mchoro gani, iliganda, ilipepesa, au iliwaka na kuzimika, gari lilikuwa linafanya nini wakati huo, alisikia, alinusa au aliona nini, na amefanya nini tangu asimame. Kama ameongeza maji au oili, aseme kiasi. Chupa mbili za nusu lita na mtungi wa lita tano ni habari mbili tofauti.

Usimdai picha kwa kila taa. Watu wengi hawalijui jambo hili: ukizima injini kisha ukarudisha funguo kwenye ON bila kuwasha, taa karibu zote za dashibodi huwaka, zenye tatizo na zisizo na tatizo. Picha iliyopigwa hivyo haina maana, inakutisha bure. Na dereva anayewasha injini upya ili apate picha nzuri ya taa nyekundu anaweza kumaliza kile alichokiokoa kwa kusimama. Kwa nyekundu, sauti ya WhatsApp ya nusu dakika inashinda picha. Picha ni ya taa za manjano, gari likiwa limeegeshwa na injini ikinguruma.

Za manjano sitakaa nazo sana. Ile ya umbo la injini, au neno CHECK, ikiganda bila kupepesa na gari likivuta kawaida, amalize safari na akuambie kabla ya kulala. Ikipepesa na gari linatetemeka, silinda moja haichomi vizuri, mara nyingi ni plagi au koili. Apunguze mwendo, asilikamie mlimani, asimame kwa fundi wa karibu asomewe kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo mashine huisoma kwenye gari. Akikutumia kodi kama P0302, hiyo ni silinda ya pili, na inakusaidia kumuuliza fundi kwa nini amebadilisha plagi zote na koili zote. ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, aongeze nafasi kati yake na gari la mbele. ABS pamoja na ile nyekundu ya breki ni kusimama. Taa ya mkoba wa hewa, yaani SRS, ni ya kuripoti jioni hata ikiwa nyekundu, kwa sababu haiui injini wala breki, ingawa siku ya ajali huenda mkoba usifunguke.

Sasa swali lako la mwisho, asione unamfundisha kazi. Mimi naona shida si ufundi wake. Mwenzako alikuwa na mikate ya watu na hesabu ya siku mbele yake. Kama akisimama anakosa hesabu, analipa kuvutwa kwa mfuko wake, na jioni anakujibu kwa nini maduka hayakupata mikate, basi umemlipa aendelee kuendesha. Andika waziwazi nani analipa. Na usimwekee sharti la kukupigia kabla ya kusimama. Wewe uko darasani, simu imezimwa, na dakika anazosubiri uipokee ndizo zinazochemsha hedi, kile kichwa cha injini. Asimame kwa uamuzi wake, akuambie baadaye.

Mimi ningeandika hivi, ubadilishe unavyozungumza naye:

"Mzee, habari ya kazi. Baada ya yale ya Kiboswa nimeongea na fundi, na nataka tukubaliane kuhusu taa za dashibodi.

Taa nyekundu ikiwaka gari likitembea, toka barabarani mahali pa kwanza palipo salama, zima injini, washa hazadi, weka pembetatu. Hata kama ni ya betri. Hata kama gari linavuta vizuri. Usinisubiri mimi, simama kwanza. Mlango, mkanda wa kiti na hendibreki iliyovutwa si katika hizo, na ile ya SRS unaniambia jioni tu.

Ikiwa ni betri: fungua boneti, injini ikiwa imezimwa, uone kama fenibelti iko. Ukiikabili injini kutoka mbele, iko mkono wako wa kushoto, upande wa dereva. Kama haiko au imechanika, gari halisogei hata kilomita moja. Kama iko na imekaza, zima AC na redio, nenda moja kwa moja kwa fundi wa karibu kukiwa mchana, na usizime njiani.

Ikiwa ni joto: zima, fungua boneti ukiona hakuna mvuke, lakini kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka injini ipoe kabisa, si chini ya nusu saa. Usimwagie injini maji ya baridi.

Ikiwa ni oili: zima, pima kijiti. Kama oili iko chini, ongeza na uitazame taa ikizimika. Kama oili imejaa, usiwashe tena.

Taa ya manjano: endelea pole, nitumie picha ukiegesha, injini ikiwa imewaka. Ikipepesa, ingia kwa fundi wa karibu.

Ukishasimama nitumie sauti: uko wapi, taa gani, iliganda au ilipepesa, gari lilikuwa linapanda, linateremka au limesimama, umesikia au umenusa nini, umeongeza nini na kiasi gani. Fundi asifungue kitu kabla hatujaongea.

Siku ukisimama kwa taa nyekundu sikudai hesabu, na kuvutwa nalipa mimi. Wenye maduka nitawapigia mwenyewe. Kama kuna mahali hapa unaona nimekosea, niambie, wewe ndiye uliye barabarani."

Hiyo nusu saa ya kifuniko si mapambo. Rejeta hufungwa kwa presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukikifungua, presha inatoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, yakija usoni. Akitaka kujua kama imepoa, aguse kwa uangalifu mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa; ukiwa bado mgumu na wa moto, asubiri. Na maji ya baridi kwenye hedi ya alumini yenye moto huweza kuipasua, hata kama mtu wa bodaboda aliyesimama kusaidia anasisitiza kwamba yeye huona watu wakifanya hivyo.

Kuhusu kuvutwa, jueni mapema mtampigia nani, upande wa Kisumu na upande wa Kakamega. Kamba na pikapu ya rafiki si mpango mzuri kwenye mteremko wa Riat: injini ikiwa imezimwa breki zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Kama gia ni otomatiki, kuliburuta gari magurudumu ya mbele yakiwa chini kunaweza kuharibu gia, nawe utakuwa umeokoa injini ukapoteza kitu kingine cha bei. Magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, na kama ni ile Probox ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ipandishwe yote.

Jambo moja zaidi la kumwomba, tena hili ni jepesi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kupakia, akutumie video fupi ya dashibodi: funguo kwenye ON, atulie kidogo, kisha awashe. Kwenye ON unatakiwa kuona betri, oili na injini zikiwaka. Akiwasha, zote zizimike. Ukiona ya oili haikuwaka kabisa kwenye ON, usifurahi. Balbu imekufa, au waya umechomoka kwenye kihisio, au mtu aliizima makusudi ili gari liuzike. Magari ya mtumba hupita mikono mingi, na taa ya CHECK ndiyo huzimwa zaidi kwa ujanja wa namna hii, wakati mwingine kwa kuiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja. Ukitazama video mbili tatu utaanza kugundua taa inayozimika kwa wakati mmoja kabisa na jirani yake, kila mara.

Na kabla ya ujumbe wowote, gari lenyewe. Injini iliyochemka mpaka ikazima haiwi salama kwa kufungiwa mkanda mpya na kujazwa maji. Mwombe fundi apime kama gesi ya injini inaingia kwenye maji ya rejeta, na mzee aangalie mambo matatu kila asubuhi kwa wiki mbili: kiasi cha maji kwenye kikopo injini ikiwa baridi, moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata joto, na rangi ya oili kwenye kijiti. Maji yakipungua bila kuonekana yanapovuja, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasiketi ya hedi imepita. Hapo usikubali fundi abadilishe gasiketi peke yake. Hedi ipelekwe ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, na kama imepinda isagwe kabla ya kurudishwa.